Mwali wa Kwenye Chupa

Mama yangu alizaa watoto wawili wa kike. Wateja wetu walimjua mmoja tu, na huyo waliyemjua alikuwa kaburini.

Nitaeleza tangu mwanzo, maana wajukuu zangu wanapenda kusema biashara ya zamani ilikuwa rahisi, unaweka kitu chini na watu wanakuja. Haikuwa hivyo. Hata wakati wa Mwingereza, huku kwetu Kisarawe, mtu alikuwa akikaa kufikiri aseme nini juu ya kitu chake na amwambie nani.

Nyumbani kwetu kulikuwa upande wa Mzenga. Baba alikuwa na minazi, na mama alikuwa na mikono. Nazi zilikunwa, tui likakamuliwa kwa kifumbu, likawekwa jikoni kwa moto mdogo mpaka mafuta yapande juu na mashapo yakauke chini, rangi ya kahawia. Mama akayachuja kwa kitambaa, kisha akatia maua ya langilangi na karafuu kidogo, akayaacha yalale humo mpaka yashike harufu. Mengi tuliyauza Kisarawe sokoni, yakiwa yamepangwa chini pamoja na mafuta ya wengine. Mnunuzi alikuwa akichovya kidole, ananusa, anasogea kwa jirani, anachovya tena.

Dada yangu alipovunja ungo akawekwa ndani. Mwali kwetu alikuwa akikaa ndani muda mrefu, haonwi na jua, anafundwa na kungwi, anapakwa mafuta ang'ae. Na alipewa mwanahiti wa kumtunza. Wasiojua niwaambie: ni kisanamu cha mti, kina kichwa chenye vishungi viwili, hakina mikono wala miguu. Ni mali ya ukoo wa upande wa mama. Mwali humwogesha, humpaka mafuta, humlaza karibu naye kama mtoto. Siku akitolewa nje kwa ngoma, mwanahiti hurudishwa kwa mkubwa wa ukoo, na mkubwa huuliza, "Mwali katoka salama?" Wanajibu, "Katoka salama," na kigelegele kinapigwa. Hapo ndipo mambo yamekwisha.

Kwa dada yangu hayakwisha. Homa ilimkuta mle ndani, naye akafariki kabla ya kutolewa. Alitoka mlangoni amefunikwa sanda.

Mama mkubwa, dada yake mama, ndiye aliyekuwa mtunza mwanahiti wetu. Baada ya arobaini alikuja kumchukua. Mama akamwambia, "Mwenyewe hajatoka. Utamchukuaje?" Mama mkubwa hakubishana. Mwanahiti akabaki juu ya kitanda cha dada, na mama akawa anampaka mafuta yeye mwenyewe. Zamu yangu ilipofika nikawekwa ndani mimi, na sikupewa mwanahiti wa mti. Nilipewa gunzi la hindi lililofungwa nyuzi. Wengi walitumia gunzi, si ajabu, lakini mimi nilijua wa mti yuko chumba cha pili. Nikatolewa bila ngoma, kwa sababu nyumba ilikuwa bado na msiba. Kungwi alinishika mkono tukazunguka nyumba, tukarudi, basi.

Sasa mafuta. Wakati huo yalianza kuja ya viwandani, ya madebe, kutoka mjini. Yalikuwa meupe, hayana harufu, na bei yake sisi hatukuiweza hata tungekesha. Akina mama sokoni wakawa wanapita mbele ya chupa zetu bila hata kuchovya kidole. Baba alikuwa akirudi jioni na chupa zote, anaziweka mlangoni, anakwenda kunawa.

Ndipo serikali ikafungua masomo ya wafanyabiashara wadogo pale Kisarawe. Mwalimu alikuwa mtu wa bara, kijana wa suruali fupi na soksi ndefu, mpole. Baba alikwenda kwa sababu hakuwa na la kupoteza. Alikuwa anaandika kwa herufi za Kiarabu tu, na mwalimu alitaka za Kizungu, kwa hiyo kila akirudi alinisimulia mimi nikamwandikia. Nilikuwa nimesoma kidogo, madarasa ya chini, mpaka nikaachishwa shule.

Siku moja alirudi na kazi ya kuandika. Mwalimu kawaambia kila mtu aandike habari ya biashara yake, fupi, ya kuweza kusomwa na mtu aliyesimama. Aseme kitu kinatengenezwa na nani. Aseme ni cha nani hasa, maana kitu cha kila mtu hakina mwenyewe. Aseme kina nini ambacho cha jirani hakina. Na juu ya yote atafute habari moja ya kweli ya nyumba yake, ambayo mtu akiisikia atakumbuka na kumwambia mwenzake.

"Na debe?" nikamuuliza. "Kakwambia nini juu ya debe?"

"Kasema nisishindane nalo. Kasema debe ni la kila siku, mimi nitafute siku ambayo debe halifai."

Mama alikuwa anakuna nazi. Akasema bila kuinua kichwa, "Debe halimtoi mwali."

Baba akamtazama. Nami nikaelewa. Hakuna mama, hata fukara, ambaye angempaka mwanawe mafuta ya debe siku ya kumtoa. Siku hiyo watu wanatazama ngozi, wananusa, wanasema. Siku hiyo ndiyo yetu.

Baba akaniambia niandike. Niliandika hivi, nakumbuka: mafuta haya yanatengenezwa na mama mmoja wa Mzenga. Aliyatengeneza kwa ajili ya binti yake alipokuwa mwali. Ni ya tui la kwanza tupu na langilangi ya nyumbani. Binti huyo akafa angali ndani, na mama yake anaendelea kuyatengeneza kwa kumpenda.

Ilikuwa kweli tupu. Mama aliisikiliza nikiisoma. Akasema, "Ndivyo." Akaendelea na mbuzi yake ya kukunia.

Baba akaipeleka darasani, akasimama akaisoma. Jioni alinisimulia, na uso wake sikuwahi kuuona hivyo. Alipomaliza, mzee mmoja muuza chumvi, mtani wetu, akasema, "Pole ndugu yangu. Lakini nani atampaka mwanawe mafuta ya maiti?" Wengine wakacheka, kisha wakaona haya. Mtani ana ruhusa yake. Mwalimu akawatuliza. Akamwambia baba kwamba habari ni nzuri sana na ni ya kweli, ila inamwangalia yeye, haimwangalii mnunuzi. Mnunuzi ana mwali nyumbani, ana hofu zake. Anataka kuona mwanawe atafika wapi. Akamwambia aeleze mikono ya mama, tui la kwanza, langilangi, siku yenyewe ya kutoka, na kifo akiache nyumbani kwake. Hakumwambia aseme uongo. Hilo nalisema kwa haki ya yule kijana.

Lakini baba alikwisha kuona mlango. Akaniambia, "Futa pale mwishoni. Andika: binti huyo akatoka aking'aa, na kila aliyemwona akamuuliza mama yake alimpaka nini."

Nikamtazama mama. Mbuzi ikasimama.

"Umemtoa?" mama akauliza.

"Ni maneno ya chupa, mama watoto."

"Nimekuuliza. Umemtoa mwanangu?"

"Yale madebe yatatumaliza. Unaye huyu mwingine wa kulisha."

Huyu mwingine nilikuwa mimi, nimeketi pale na kalamu. Mama aliinuka akaingia chumba cha dada. Baba akanionyesha karatasi kwa kidevu. Nikaandika.

Mengine yote baba aliyafanya vizuri, na lazima niseme. Akayaita Mafuta ya Mwali, na chini ya jina hilo hakuuza kingine, hata tulipoombwa mafuta ya kupikia. Akatafuta chupa za namna moja, ndogo, zenye shingo nyembamba. Akamlipa mchoraji mmoja amchoree msichana aliyejitanda kanga mpaka machoni, na mtu wa kupiga chapa mjini akazitoa karatasi zenye picha na yale maneno yangu. Tulizibandika kwa uji wa muhogo. Kila chupa picha ile ile, mahali pale pale, asiyejua kusoma aijue kwa jicho. Akaziondoa sokoni chini, asitake zionekane kando ya mafuta ya taa, akawapelekea makungwi. Kungwi akisema mafuta ni haya, mama mwali hanunui mengine. Na bei akaipandisha. Mama alishtuka, lakini baba alikuwa sahihi: kitu cha siku moja watu hawakitafutii rahisi, wanakiogopa kikiwa rahisi.

Mara moja tu baba alitaka kuchanganya tui la pili, mahitaji yalipozidi. Mama akamwambia, "Moja la uongo linatosha." Hakuchanganya.

Yakatoka kweli kweli. Yakafika Chole, yakafika Mlandizi, yakavuka mpaka Visiga kwenye barabara ya Morogoro. Kijijini kwetu walijua dada yangu yuko wapi, walimzika wenyewe. Wakanyamaza, kwani nazi zao nazo zilikuwa zinaingia kwenye chungu chetu, na maua ya wake zao pia.

Mwalimu alikuwa amemwonya baba asiongeze maneno kila akiulizwa, kwani habari ikikua mno mwenyewe hushindwa kuibeba. Baba hakushika. Mnunuzi akiuliza, "Na yule mwali yuko wapi siku hizi?" baba alijibu, "Yupo, mzima." Mwingine akauliza kama ameolewa. "Bado, wachumba wanasumbua." Watu wakacheka wakanunua. Siku baba alipokuwa hajiwezi, mama akakaa yeye pale kwa kungwi wa Kisarawe kupokea wateja. Bibi mmoja akamwambia, "Wewe ndiye mama yake? Hongera! Mwanao mrefu kama wewe?"

Mama akasema, "Alinipita."

"Wanatupita hawa! Anapenda kula nini?"

"Samli na wali."

"Basi mlishe, mlishe, asikonde kabla ya harusi."

Mama alirudi nyumbani na kapu tupu. Alikaa kizingitini mpaka nikaona nimwite. Aliniambia, "Wananiuliza mambo yake. Tangu azikwe, hakuna aliyeniuliza mambo yake isipokuwa hao." Sikujua kama analalamika au anashukuru. Sijui mpaka leo.

Kisha akaja kungwi wa Visiga. Mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuamrisha, aliyetuuzia chupa nyingi kuliko wote. Alikuja mpaka nyumbani, kwa lori kisha kwa miguu, akaketi ukumbini akijipepea.

"Shikamoo, somo," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nina mwali wa watu wakubwa kwetu. Tunamtoa mwezi ukiandama. Mama yake hataki chupa tu. Anamtaka mwali mwenyewe, yule wa pichani, aje ampake binti kwa mkono wake. Anasema ule mkono una heri."

Baba akakohoa. "Njia ni ndefu, somo."

"Mimi nimeitembea na mwili huu. Yeye ana miguu ya kuku?" Akacheka peke yake. Kisha akaacha kucheka. "Kuna maneno bwana. Kuna muuzaji mmoja wa Mlandizi anasema huyo mwali hayupo. Anasema ni picha tu. Nimemwambia afunge kinywa, nimeapa mbele ya watu. Sasa nisiaibike mimi."

Wakati huo ndipo nilipoona jinsi baba alivyojifunga. Angesema amefariki, makungwi wote wangesikia kwamba wamewapaka mabinti wa watu mafuta ya mauti, na baba ni mwongo, na kungwi huyu ameapa bure. Angesema ameolewa mbali, juzi tu alisema hajaolewa. Akamtazama mama. Mama akawa anatazama ukuta wa chumba cha dada. Hapo baba akanitazama mimi.

"Huyu hapa," akasema.

Kungwi akageuka akanipima kuanzia juu mpaka chini. "Huyu? Mbona picha ina macho makubwa?"

"Mchoraji huyo," baba akasema.

Mama aliinuka, akarudi na kanga za dada, jozi aliyokuwa amewekewa avae siku ya kutolewa. Zilikuwa bado zimekunjwa, hazijafuliwa. Akaniwekea mapajani. Alinitazama muda, kama mtu anayepima nguo dukani.

Nilikwenda Visiga. Waliniweka mbele ya ngoma, wakanipigia vigelegele nikishuka tu kwenye lori. Wanawake walinishika mashavu. Walinusa mikono yangu. Yule mwali wa watu alikuwa ameketi juu ya mkeka ameinamisha kichwa, mabega yake madogo, ananuka hofu kama tulivyonuka wote mle ndani. Nikamimina mafuta kiganjani nikampaka shingoni, mgongoni, mikononi. Yalikuwa mafuta mazuri. Sikusema uongo hapo, ngozi yake iling'aa kweli. Akaninong'oneza, "Dada, uliogopa siku yako?"

Nikamjibu, "Hapana. Kulikuwa na watu wengi."

Wakanichezea ngoma na mimi. Mimi niliyezungushwa nyumba kimya kimya na kurudishwa ndani, nilitolewa Visiga mchana kweupe, kwa ngoma, na jina waliloimba halikuwa langu. Waliimba mwali wa mafuta. Mama alikuja nami. Alisimama nyuma ya wanawake wengine, mikono ameifumbata kifuani, na kila walipoimba alikuwa akitazama kanga, si uso wangu.

Tuliporudi nyumbani mama aliingia chumba cha dada akatoka na mwanahiti amefungwa kwenye kitambaa safi. Akaniambia, "Twende."

Mama mkubwa alikuwa uani kwake anapepeta mpunga. Alipoona kitambaa aliweka ungo chini. Alijua ni nini. Alikuwa amemwosha dada yangu kwa mikono yake mwenyewe, hakuna la kumweleza. Mama akapiga magoti akamkabidhi.

Mama mkubwa akamfunua. Mti ulikuwa umeiva kwa mafuta, mweusi, unateleza. Akampitisha kidole kwenye vishungi. Akasema taratibu, "Mdogo wangu, nikimpokea itabidi niulize."

"Uliza."

"Nani amekwambia umrudishe?"

"Watu wote wamemwona. Visiga wamemwona, Kisarawe wamemwona, kila kungwi anaye. Mimi peke yangu namweka ndani. Nimeshindwa. Uliza."

Mama mkubwa akajikaza. Akauliza kama inavyoulizwa, "Mwali katoka salama?"

Nilikuwa nimesimama nyuma ya mama, bado nimevaa kanga zile. Sikuuona uso wake. Niliona mgongo tu.

"Katoka," akasema. Akasimama. Kisha akamalizia, "Katoka salama."

Hapo ndipo kigelegele kinapotakiwa. Mama mkubwa alifumbua kinywa, hakikutoka kitu. Mimi ndio sikuweza kabisa. Basi mama akakipiga mwenyewe, peke yake, kirefu, mpaka kuku wakakimbia uani. Alipokwisha alikaa chini kwenye mpunga akalia kilio ambacho hakulia siku ya mazishi, na mama mkubwa akamshika kichwa, mwanahiti yuko kati yao.

Mafuta tuliendelea kuyauza miaka mingi. Mama hakuacha, wala hakupunguza ubora. Baba alinunua baiskeli, akaezeka bati. Nilialikwa tena na tena, nikawapaka mabinti wa watu mpaka nikaolewa, na huko nilikoolewa waliniita Mwali wa Mafuta, mpaka mume wangu naye akaniita hivyo. Kanga nilirudisha kwa mama. Alizifua siku hiyo hiyo, akaanza kuzivaa shambani.

Chumba cha dada kikawa cha kuwekea chupa.